Tusiwacheke Wanaotazama Mwezi

Wakati wa Kwaresima ya mwaka 2025 nililetewa simuni video fupi iliyotengenezwa na vijana Wakristo. Sitataja ilikotoka. Ilichukua dakika moja na nusu. Ilionyesha mwezi mwembamba wenye nyota katikati, na sauti ya kijana ikasema kwamba jirani zetu hawaijui siku ya sikukuu yao mpaka mtu mmoja aseme ameuona mwezi, ilhali sisi tuna kalenda iliyochapishwa na tarehe zetu zinajulikana mwaka mzima. Mwishoni kijana yule akasema Mungu wetu si Mungu wa kubahatisha. Washarika wengi walicheka, na wengine wakaituma mbele.

Nikiri kwamba hata mimi nilitabasamu. Tabasamu liliniisha siku chache baadaye, nilipoketi barazani na mzee mmoja jirani yangu hapa Mji Mkongwe. Yeye alikuwa amefunga Ramadhani na mimi nilikuwa katika Kwaresima yangu, maana mwaka ule mifungo miwili ilikutana. Akaniuliza kwa upole, "Mchungaji, hii Pasaka yenu, mbona kila mwaka inahama? Krismasi haihami." Nikamjibu kwamba Kanisa ndilo linalopanga. Akauliza tena, "Linapanga kwa kutazama nini?" Mimi niliyekaa miaka chuoni nikisoma theolojia, nikihubiri Pasaka kila mwaka, sikuwa na jibu la kumpa mzee wa watu. Nilirudi nyumbani nikatafuta. Nilichokipata ndicho kinachonifanya niandike kuipinga video ile, na kukipinga kicheko chetu.

Jibu la swali la mzee ni hili: linapanga kwa kutazama mwezi. Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza unaoangukia Machi 21 au baada yake. Tarehe hiyo iko karibu na siku ambayo usiku na mchana hulingana. Msingi wa jambo hili uliwekwa karibu na Mtaguso wa Nikea mwaka 325, Kanisa lilipotaka Wakristo wote waishike Pasaka siku moja. Nyuma ya Nikea iko Torati yenyewe. Someni Walawi 23:5: Pasaka ya Bwana ni siku ya kumi na nne ya mwezi wa kwanza. Hapa Unguja tukisema mtu ni mzuri kama mwezi wa kumi na nne, kila mtu anajua tunasema mwezi uliojaa. Bwana wetu aliteswa katika majira ya Pasaka ya Wayahudi, na Pasaka ile iliwekwa usiku wa mwezi mpevu. Anayemcheka jirani yake kwa kuufuata mwezi anasahau kwamba juu ya Gethsemane palikuwa na mwezi uliojaa, au uliokaribia sana kujaa.

Na si Pasaka peke yake. Jumatano ya Majivu, Siku ya Mitende, Ijumaa Kuu, Kupaa na Pentekoste, zote zinahesabiwa mbele au nyuma kutoka Pasaka. Kwa hiyo nusu ya mwaka wetu wa Kanisa imefungwa kwenye mwezi. Tofauti yetu na jirani haiko katika kutumia mwezi au kutoutumia. Iko mahali pengine, na video njema ingeweza kuionyesha kwa mchoro mmoja.

Vijana wangu, nawaelekeza mchoro wenyewe. Chora visanduku thelathini katika mstari. Cha kwanza kiwe na mwezi mwembamba, ule unaoandama. Karibu na cha saba weka nusu mwezi. Cha kumi na nne kiwe duara jeupe lote. Karibu na cha ishirini na mbili weka nusu ya pili, na cha ishirini na tisa kiwe cheusi. Kisanduku cha thelathini kichore kwa nukta nukta, kwa sababu miezi mingine inacho na mingine haina. Mzunguko mmoja wa mwezi ni siku 29 na nusu na kidogo zaidi, na hakuna anayeweza kuishi nusu siku ndani ya kalenda. Ndiyo maana mwezi mmoja huwa na siku 29 na mwingine 30. Kisha weka mishale miwili. Mshale mmoja uelekee kisanduku cha kwanza, uandikwe: jirani zetu huanza na kumaliza mfungo hapa. Wa pili uelekee cha kumi na nne, uandikwe: Pasaka huanza kuhesabiwa hapa. Mtoto wa Shule ya Jumapili ataelewa. Ni mwezi mmoja, unaotazamwa katika siku mbili tofauti za umri wake.

Lakini chora mwezi wa hapa. Katika video ile mwezi mwembamba umesimama wima kama mundu uliotundikwa ukutani. Huo ni mwezi wa nchi za kaskazini, na michoro mingi iliyo tayari mtandaoni hutengenezwa huko. Sisi tuko karibu sana na Ikweta. Nenda Forodhani jioni mwezi unapoandama, jua likishazama baharini, utauona mwezi umelala chali juu ya maji, ncha mbili zikitazama juu, kama dau lisilo na tanga. Wakati mwingine huegama kidogo upande mmoja, lakini ni dau. Kanuni ni rahisi: upande unaong'aa huelekea jua lilikozama. Na mwezi wa kumi na nne usiutafute upande huo. Ukiwa umesimama pale pale Forodhani jua likizama mbele yako, mwezi mpevu unachomoza nyuma yako, juu ya mapaa ya Mji Mkongwe. Mahali pamoja panatosha kuonyesha visanduku vyote viwili.

Ile nyota katikati ya mwezi nayo iondolewe. Kama nembo haina ubaya wowote, lakini kama picha ya anga ni kosa, kwa sababu sehemu ile yenye giza si shimo. Ni mwili wa mwezi wenyewe, na hakuna nyota inayoweza kuonekana mbele yake. Mwezi hauna nuru yake. Jua huangaza nusu yake siku zote, na sisi tunaona nusu hiyo yote, au sehemu yake, au hatuioni kabisa, kulingana na mahali mwezi ulipo. Wengi wetu tulifundishwa kwamba giza lile ni kivuli cha dunia. Sivyo. Kivuli cha dunia huufikia mwezi wakati wa kupatwa tu, tena ukiwa mpevu. Chomeka chungwa kwenye kijiti, washa taa moja katika chumba cheusi, ulinyooshe chungwa mbele yako na ugeuke nalo polepole. Utaona dau, nusu, duara na giza. Rekodi hilo kwa simu, nalo litafaa kuliko mchoro wowote wa kununua.

Sasa twende kwenye mwaka 2025 wenyewe, tuone kila upande ulivyopata tarehe yake.

Jumamosi Machi 29, karibu saa nane mchana kwa saa zetu, mwezi ulipita upande wa jua. Hapo ndipo mwezi mpya wa mahesabu huanza. Jua lilizama Unguja karibu saa kumi na mbili na nusu jioni, mwezi ukiwa na umri wa saa nne na nusu hivi. Mwezi wa umri huo hauonekani kwa macho. Ni mwembamba mno, na uko karibu mno na jua, hata unazama nalo. Jioni ya pili, Jumapili Machi 30, ulikuwa na umri wa saa 28 na zaidi. Huo ni umri ambao mtu mwenye macho mazima na anga safi anauona. Kwa hiyo aliyefuata kuonekana kwa mwezi hapa kwetu hakuweza kuwa na Idi kabla ya Jumatatu Machi 31. Saudi Arabia ilitangaza Idi kuwa Jumapili Machi 30, na wapo Waislamu wa pwani yetu ambao huufuata mwezi uliotangazwa kwingine. Ndiyo maana mtaa mmoja unaweza kuwa na Idi mbili.

Hapa namwomba mtengeneza video aufunge mdomo wake kwa hekima. Mahesabu yanaweza kusema ni jioni gani mwezi hauwezi kuonekana. Hayawezi kusema kama mwezi ulioonekana nchi nyingine unamfunga mtu wa Unguja. Hilo ni swali la sheria yao, lina wanazuoni wake na lina Ofisi ya Mufti. Mgeni hasuluhishi ugomvi wa nyumba ya watu kwa mchoro wa dakika moja na nusu.

Yetu ilikwendaje? Mwezi ule ule ulioandama mwishoni mwa Machi ulikua mpaka ukawa mpevu usiku wa kuamkia Jumapili Aprili 13, karibu saa tisa na nusu usiku. Jedwali la Kanisa nalo lilikuwa limeandika Aprili 13. Mtu angesema basi Pasaka iwe siku hiyo, kwa kuwa ni Jumapili na mwezi umejaa. Lakini kanuni inasema Jumapili inayofuata mwezi mpevu, na mwezi ukiangukia Jumapili, tunangoja juma zima. Kwa hiyo Aprili 13 ikawa Siku ya Mitende, na Pasaka ikawa Aprili 20. Kina mama wa mwani wa Paje na Jambiani wangeweza kutuambia bila kalenda. Bamvua huja mwezi ukiandama na mwezi ukijaa, na maji hukupwa mbali hata mashamba ya mwani yakafikika kwa miguu. Mwaka ule bamvua ilikuja na Mitende, na Pasaka ikakuta maji mafu.

Nilisema jedwali la Kanisa. Hapa ndipo pana tofauti ya kweli kati yetu na jirani, na hapa ndipo kicheko chetu kinapotugeukia. Sisi hatutoki nje kuutazama mwezi. Tunautumia mwezi ulioandikwa katika jedwali, uliohesabiwa kwa mzunguko wa miaka 19. Baada ya miaka 19 mwezi hurudi karibu sana na tarehe zile zile za jua, nao wazee wa Kanisa wakaliandika hilo, na kalenda ya mwaka 1582 ikalirekebisha. Ndiyo maana tarehe zetu zinaweza kuchapishwa miaka mia mbele. Ni kazi ya akili nyingi. Lakini jedwali huhesabu siku nzima nzima, na anga halifanyi hivyo.

Mwaka 2019 lilitokea jambo ambalo ni wachache walioliona. Usiku wa kuamkia Machi 21, kwa saa zetu, usiku na mchana vililingana, na kabla ya mapambazuko ya siku ile ile mwezi ukawa mpevu. Kwa anga, Pasaka ingekuwa Jumapili Machi 24. Jedwali lakini lilikuwa limeuweka mwezi mpevu Machi 20, siku moja kabla ya mpaka, basi mwezi ule haukuhesabiwa. Tukangoja mwezi wa pili, na Pasaka tukaila Aprili 21. Siku moja ya jedwali ilitusogeza majuma manne. Je, jirani yetu alitucheka? Hakujua. Na sisi wenyewe hatukujua.

Sisi Walutheri hasa tuna sababu ya kunyamaza. Kalenda ya mwaka 1582 ilitoka kwa Papa, na nchi za Kiinjili za Ujerumani ziliikataa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1700 zilikubali tarehe zake, lakini zikakataa jedwali lake la Pasaka. Zilitaka mwezi wa kweli wa angani, uliohesabiwa kwa majedwali ya mnajimu Yohana Kepler. Mwaka 1724 matokeo yakaonekana. Kwa mahesabu ya anga mwezi ulijaa Jumamosi Aprili 8. Kwa jedwali la Kirumi, Jumapili Aprili 9. Tofauti ya siku moja tu. Lakini kwa ile kanuni ya kungoja Jumapili inayofuata, Walutheri waliila Pasaka Aprili 9, na Wakatoliki Aprili 16. Huko Leipzig, Bach aliimbisha kwa mara ya kwanza Mateso kwa Yohana yake siku ya Ijumaa Kuu, Aprili 7, 1724, wakati kwa Wakatoliki ilikuwa bado juma zima kufikia Ijumaa Kuu yao. Jambo hilo lilirudia mwaka 1744. Halikuisha mpaka walipokubaliana mwaka 1775 kulifuata jedwali moja.

Basi baba zetu wa imani walikuwa na Pasaka mbili katika nchi moja kwa ajili ya mwezi. Luther mwenyewe alilichoka jambo hili. Katika kitabu chake cha mwaka 1539 juu ya mitaguso na makanisa alilalamikia Pasaka inayoyumba, akaona ingefaa iwe na tarehe isiyohama kama Krismasi. Haikutokea, na hakuivunja ushirika kwa sababu hiyo. Anayesema wenzetu ni wa kubahatisha kwa kuwa wana Idi mbili, akumbuke alikotoka.

Najua nitakavyojibiwa. Wapo watakaosema: Mchungaji, hata hivyo mahesabu ni bora kuliko kungoja macho ya mtu. Nami najibu kwamba ubora unategemea umeagizwa nini. Sisi hatukuagizwa kuuona mwezi, ndiyo maana jedwali linatutosha. Jirani anaamini ameagizwa kuuona, au kutimiza siku 30 usipoonekana. Kwake kungoja si ujinga wa hesabu. Waswahili wa pwani hii, ambao wana maneno mwezi mwandamo na mwezi mchanga, na ambao huihesabu miezi baada ya Ramadhani kwa mfungo mosi na mfungo pili, hawakukosa elimu ya mwezi. Wana ya kutufundisha.

Wengine watauliza kwa nini basi Ramadhani izunguke mwaka mzima na Pasaka isizunguke, kama mwezi ni ule ule. Hili lina jibu fupi, na liingie katika video. Miezi 12 ya mwandamo ni siku 354, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11. Jirani hazirudishi siku hizo, basi Ramadhani hurudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka: mwaka 2024 ilianza karibu Machi 12, mwaka 2025 karibu Machi 1. Kwa miaka 33 hivi itakuwa imepita kaskazi na kusi, masika na kiangazi. Pasaka imefungwa kamba kwenye Machi 21. Hucheza kati ya Machi 22 na Aprili 25, kama ng'ombe aliyefungwa mtini, haivuki.

Na wapo watakaosema mchungaji hana kazi ya kufundisha habari za Idi. Sitaki tufundishe Idi. Nataka tufundishe Pasaka, na tukilazimika kumtaja jirani, tumtaje kwa kweli. Katekisimu Ndogo tuliyoikariri siku ya kipaimara inatufundisha katika amri ya nane kwamba kutomshuhudia jirani uongo ni pamoja na kumtetea na kumnenea mema. Video haikuondolewa katika amri hiyo kwa kuwa ni fupi. Na Paulo, katika Wakolosai 2:16, anakataza tusihukumiwe kwa ajili ya sikukuu au mwandamo wa mwezi; asiyetaka kuhukumiwa kwa jambo hilo asianze yeye kuhukumu.

Kwa hiyo nimewaambia vijana wa usharika wetu hivi. Tengenezeni video nyingine, ya dakika moja na nusu ile ile. Chungwa na taa, visanduku thelathini, mishale miwili, dau la Forodhani, na kamba ya Machi 21. Msiweke neno la kushindana. Na kabla ya kuituma kwa mtu yeyote, ipelekeni kwanza barazani kwa yule mzee. Mkisha kumwamkia, mketi, aitazame yote. Akisema mahali fulani mmemsingizia, mfute mahali hapo. Akiuliza swali msiloweza kujibu, msimwambie kwamba Kanisa ndilo linalopanga. Mimi nilimjibu hivyo, na bado nina deni lake.